Mwongozo Kamili: Kuhariri Tangazo la Kituo cha Kiingereza Ili Matokeo, Viwango na Ada Viaminike

Vituo vingi vya Kiingereza hubadilisha tangazo kila awamu: rangi mpya, picha mpya, herufi kubwa kuliko za mwanzo. Simu zinazoingia hazibadiliki. "Jumla ni shilingi ngapi?" "Mimi niliishia kidato cha nne, naingia darasa gani?" "Hivi kweli wiki sita zinatosha?" Mtu anayeuliza hivyo amelisoma tangazo lote na hajapata jibu. Wengine hawapigi kabisa.

Mwongozo huu unachukua tangazo moja la mfano, la kituo cha jioni jijini Mwanza, na kulihariri hatua kwa hatua hadi likamilike. Namba za wanafunzi na ada ni za mfano, weka zako. Hili ndilo tangazo lenyewe:

> JIFUNZE KIINGEREZA KWA WIKI 6 TU!!! Ongea kama Mzungu au urudishiwe pesa yako. Madarasa yote: Wanaoanza, Kati na Juu. Walimu bingwa. 98% ya wahitimu wetu wamepata ajira. Cheti kinachotambulika kimataifa. Tumesajiliwa na serikali. Ada nafuu, kuanzia 30,000/= tu. Nafasi chache, wahi! Maelezo zaidi njoo inboksi.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kuandika kabla ya kukusanya hivi. Karibu kila kosa tutakaloliona hapa linatokana na mtu kuandika tangazo kwa kumbukumbu.

- Tangazo la sasa, likiwa limechapwa kwenye karatasi na nafasi pana kati ya mistari.
- Ratiba ya awamu ijayo, yenye tarehe, siku na saa, pamoja na kalenda ya sikukuu.
- Daftari la mahudhurio la awamu iliyopita.
- Alama za jaribio la kuingia na mtihani wa kumaliza, kama vipo.
- Kitabu cha risiti. Usitumie orodha ya ada iliyobandikwa ukutani, kwa sababu risiti ndizo zinazoonyesha watu walilipa nini hasa.
- Kitabu cha kufundishia. Vitabu vingi vya Kiingereza vimeandikwa kiwango chake kwenye jalada, kama A1, A2 au B1.
- Nakala za vyeti vya usajili na leseni.
- Yule anayepokea simu za kituo. Anajua maswali ya wateja kuliko mkurugenzi.

Kwa tangazo moja, jioni moja inatosha ikiwa karatasi zipo. Kama hazipo, tangazo litasubiri.

## Hatua ya 1: Pigia mstari kila dai, kisha litafutie karatasi

Dai ni sentensi yoyote ambayo msomaji anaweza kukuuliza, "Umejuaje?" Katika tangazo letu yapo tisa: wiki 6, kuongea kama Mzungu, kurudishiwa pesa, madarasa yote, walimu bingwa, 98% ya ajira, cheti cha kimataifa, usajili wa serikali na ada kuanzia 30,000.

Pembeni ya kila dai andika jina la karatasi inayolithibitisha. "Ratiba." "Risiti." "Alama za mtihani." Lisilo na karatasi liwekee alama ya kuuliza.

Kwenye mfano wetu, yanayopata karatasi papo hapo ni mawili tu, wiki 6 na usajili, na hilo la usajili litatusumbua baadaye. "Kama Mzungu" halipimiki kwa namna yoyote. Wazungu wengi wenyewe Kiingereza wamejifunzia darasani, na baadhi yao hawakijui kabisa. Lifute sasa, usilipotezee muda.

Tahadhari: usilainishe dai lisilo na ushahidi kwa kuongeza "karibu" au "wengi". "Karibu wahitimu wote wamepata ajira" halina karatasi sawasawa na lile la 98%. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na kulainisha neno hakubadilishi kilichoahidiwa.

Utajua umefaulu ukiona kila mstari wa tangazo una jina la karatasi pembeni au umefutwa.

## Hatua ya 2: Hesabu saa za masomo, achana na wiki

"Wiki 6" haimwambii msomaji chochote. Wiki sita za saa moja kila Jumamosi ni saa 6. Wiki sita za saa nne kila siku ya kazi ni saa 120. Kinachomfikisha mwanafunzi ni saa anazokaa na mwalimu, kwa hiyo anza na ratiba.

Kituo chetu kinafundisha Jumatatu hadi Alhamisi, saa 11:00 jioni hadi saa 1:00 usiku, kuanzia tarehe 5 Januari hadi 12 Februari 2026. Siku 4 kwa wiki 6 ni vipindi 24. Lakini Jumatatu ya tarehe 12 Januari ni Sikukuu ya Mapinduzi, na kituo hakina mpango wa kufidia. Vinabaki 23. Kipindi cha kwanza ni cha jaribio la kuingia, cha mwisho ni cha mtihani. Vinabaki vipindi 21 vya kufundisha, vya saa mbili mbili: saa 42.

Sasa linganisha na kipimo kinachojulikana. Viwango vya Ulaya, A1 hadi C2, vilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na ndivyo vinavyotumiwa na vitabu na mitihani mingi ya lugha. Watahini wa Cambridge wametoa makadirio ya saa za kusoma na mwalimu, wakihesabu tangu mtu alipoanza bila kujua kitu: A1 kama saa 90 hadi 100, A2 saa 180 hadi 200, B1 saa 350 hadi 400, na B2 saa 500 hadi 600.

Soma tofauti kati ya ngazi na ngazi. Kutoka A1 kwenda A2 kunahitaji kama saa 90 hadi 100. Awamu yetu ya saa 42 haifiki nusu ya safari hiyo. Kutoka A2 kwenda B1, ambako mtu anaanza kujitegemea, kunahitaji saa 170 hadi 200, yaani awamu nne au tano za kituo hiki.

Hapo wenye vituo wengi hushtuka na kusema wanafunzi wao hupiga hatua haraka kuliko hivyo. Mara nyingi wanasema kweli, na sababu yake ni ya hapa kwetu. Mtu aliyemaliza kidato cha nne Tanzania amesoma masomo mengi kwa Kiingereza kwa miaka minne. Anaweza kusoma taarifa fupi na kuielewa, huku akiulizwa swali dogo kwa mdomo anakwama. Kusoma kwake kunaweza kuwa A2 na kuongea kwake A1. Huyu haanzi sifuri. Akipewa saa 42 za kuongea mfululizo, mabadiliko yataonekana hata na ndugu zake, kwa kuwa maneno tayari anayo na anachojifunza ni kuyatoa.

Kumbe ahadi ya kweli ya kituo hiki ipo, ila ni nyembamba kuliko "kujua Kiingereza": inahusu kuongea, na inamhusu mtu ambaye tayari anasoma kidogo. Mtu ambaye hajawahi kukisoma Kiingereza hapaswi kuahidiwa kitu hicho hicho kwa saa hizo hizo.

Tahadhari: kama vipindi huchelewa kuanza kwa dakika 15 kila siku, na jioni za Mwanza zenye foleni ya daladala hilo hutokea, saa 42 zinashuka hadi karibu 37. Andika saa ambazo mwalimu yuko mbele ya darasa.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii bila kusita: "Vipindi 23 vya saa 2, vikiwemo 2 vya mitihani, hakuna masomo tarehe 12 Januari."

## Hatua ya 3: Andika matokeo kama vitendo, kisha toa hesabu ya awamu iliyopita

"Utaongea fasaha" inaacha kila msomaji ajipimie fasaha yake mwenyewe. Mmoja anawaza usaili wa kazi benki, mwingine anawaza kumuelekeza mgeni njia ya kwenda Capri Point. Wote wawili watakudai.

Badala yake taja vitendo vitatu au vinne ambavyo mwanafunzi atapimwa navyo siku ya mwisho. Kwa darasa linaloelekea A2, tuseme hivi: kujieleza kwa dakika mbili kuhusu kazi na familia bila kusoma karatasi, kuuliza na kujibu bei, muda na mahali, kueleza alichofanya jana kwa kutumia wakati uliopita, kupokea simu fupi na kuandika ujumbe alioachiwa.

Kila kitendo lazima kiwe kwenye mtihani wenu wa mwisho. Kama mtihani ni wa kujaza nafasi kwenye karatasi tu, tangazo haliwezi kuahidi kuongea. Badilisha mtihani kwanza.

Baada ya ahadi, inakuja hesabu. Chukua daftari la mahudhurio. Kwenye mfano wetu, awamu iliyopita waliandikishwa watu 32. Waliofika hadi mwisho na kufanya mtihani ni 21. Waliofaulu vitendo vyote ni 15.

Ile 98% imetoka wapi? Haikutoka kwenye darasa hili. Ukiwa na watu 32, akikosa mmoja tu asilimia inashuka hadi 97; asipokosa mtu ni 100. Katikati hapana kitu. Msomaji mwenye kikokotoo kwenye simu anaweza kuligundua hilo akikuuliza mlikuwa wangapi.

Kishawishi kinachofuata ni kuandika "71% walifaulu", yaani 15 kati ya 21. Hesabu ni sahihi, lakini imewaficha watu 11 walioacha njiani. Ukihesabu kutoka kwa walioandikishwa, waliofaulu ni 47%. Andika namba tatu zote kwa watu kamili: "Awamu iliyopita waliandikishwa 32, walifanya mtihani 21, walifaulu 15." Kwa darasa dogo achana na asilimia, kwa sababu inafanya watu 15 wasikike kama mia.

Mkurugenzi atasema namba hizo zitamfukuza mteja. Mteja anayefukuzwa na namba hizo ndiye huyo huyo angeacha wiki ya tatu na kudai pesa. Ukitaka, ongeza sababu, mradi iwe kwenye daftari: kati ya 11 walioacha, 8 walikosa zaidi ya vipindi 5 katika wiki tatu za kwanza. Hapo tangazo linapata sentensi yenye faida kwa pande zote: "Ukijua utakosa zaidi ya vipindi 5, subiri awamu nyingine."

Dai la ajira lifutwe. Ili uliandike ungehitaji kuwapigia wahitimu wote, kuandika nani alikuwa na kazi kabla ya kozi, na kuonyesha kwamba kozi ndiyo iliyoleta kazi. Hilo la mwisho haliwezekani kwa kituo cha jioni.

Ukitaka kuweka maneno ya mwanafunzi, mwombe ridhaa kwa maandishi, taja alianza ngazi gani na alisoma vipindi vingapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu jina na picha yake pia. "Kituo bora sana, Mungu awabariki" ni shukrani nzuri ya kuibandika ofisini. Kwenye tangazo haimwongozi mtu.

Utajua umefaulu mwalimu akisoma ahadi na kusema, "Hayo naweza kuyapima kwa dakika kumi kwa kila mwanafunzi."

## Hatua ya 4: Viwango vieleze mlango wa kuingilia na wa kutokea

"Wanaoanza, Kati na Juu" ni majina ya rafu. Karibu kila mtu hujiweka Kati: aliyefeli Kiingereza kidato cha nne hataki kuitwa anayeanza, na mwalimu wa shule ya msingi anaona aibu kujiita wa juu. Matokeo yake darasa la Kati lina watu wasioweza kukaa pamoja, na mwalimu anafundisha walio katikati huku pande zote mbili zikiacha.

Kila kiwango kipe mistari miwili: anayeingia awe anaweza nini, na akimaliza atapimwa nini. Kwa kituo chetu:

Darasa la 1 (ndani ya A1). Unaingia kama huwezi kujitambulisha kwa sentensi tano bila msaada. Ukimaliza: kujitambulisha, namba, bei, saa, na maswali mafupi ya kila siku.

Darasa la 2 (kutoka A1 kuelekea A2). Unaingia kama unasoma tangazo fupi na kulielewa lakini unakwama kuongea. Ukimaliza awamu ya kwanza utakuwa umefika karibu nusu ya A2. Wengi watahitaji awamu 2 au 3.

Darasa la 3 je? Angalia daftari. Kama awamu iliyopita "Juu" ilikuwa na watu watatu waliochanganywa na Kati, darasa hilo halipo. Lisiandikwe. Andika "Aliyefika A2 apige simu, tutamwambia kama darasa litafunguliwa", na taja idadi inayohitajika ili lifunguke.

Kisha eleza jinsi mtu anavyopangwa. Jaribio zuri la kuingia halizidi dakika 20: dakika 10 hadi 15 za kuandika na dakika 5 za kuongea na mwalimu, uso kwa uso. Sehemu ya kuongea ndiyo inayoamua, kwa sababu ile niliyoitaja katika Hatua ya 2: karatasi itampandisha mwanafunzi wa kidato cha nne darasa moja juu ya mdomo wake. Tangazo liseme kama jaribio ni bure na kama mtu anaweza kuhamishwa darasa ndani ya wiki ya kwanza.

Malizia na idadi ya watu. "Madarasa madogo" si idadi. Andika "Wasiozidi 16 kwa darasa, darasa hufunguliwa wakifika 8." Kwa nini namba ya chini nayo? Kwa sababu mtu aliyelipa fomu na kuambiwa asubiri mwezi mzima darasa lijae ndiye anayeandika maoni makali mtandaoni.

Utajua umefaulu ukimpa mtu wa nje viwango hivyo, naye akajipanga darasa lile lile ambalo mwalimu angempanga baada ya jaribio.

## Hatua ya 5: Ada iwe jumla, kisha siku za kulipa, kisha gharama ya kufika

"Kuanzia 30,000" kwenye mfano wetu ni sehemu ya kwanza tu kati ya tatu za ada ya masomo. Fungua kitabu cha risiti utaona mwanafunzi mmoja alilipa hivi: ada ya masomo 90,000, fomu 10,000, kijitabu cha mazoezi 15,000, mtihani na cheti 10,000. Jumla 125,000. Pengo kati ya 30,000 na 125,000 ndilo linaloleta ugomvi wa mapokezini.

Andika jumla kwanza, mchanganuo baadaye. Msomaji akianza na mchanganuo atajumlisha vibaya au ataacha kujumlisha.

Halafu weka siku za kulipa, kwa sababu kwa wengi swali ni "siku ya kwanza nije na kiasi gani?" Hapa: siku ya kuandikishwa 55,000 (sehemu ya kwanza ya ada 30,000, fomu 10,000, kijitabu 15,000), mwanzo wa wiki ya 3 ni 30,000, mwanzo wa wiki ya 5 ni 40,000 (ada 30,000, mtihani na cheti 10,000). Jumlisha tena: 125,000. Makosa ya kujumlisha kwenye tangazo la shule hayasameheki.

Sasa namba ambayo karibu hakuna kituo kinachoiandika, nayo ndiyo inayowatofautisha wanaojua kazi yao: gharama ya kufika kiwango. Kutoka A1 hadi A2 ni awamu 2 au 3. Fomu na kijitabu hulipwa mara moja tu, kwa hiyo awamu ya pili ni 100,000. Awamu mbili ni 225,000. Tatu ni 325,000. Msomaji sasa anaweza kulinganisha na kituo kinachotoza 180,000 kwa awamu moja yenye saa 100, na huenda akaona kile ni nafuu. Vizuri. Ikiwa kweli ni nafuu, tatizo liko kwenye ratiba yako, na tangazo haliwezi kulitibu.

"Ada nafuu" lifutwe. Msomaji ndiye anayejua mfuko wake.

Kuhusu kurudisha pesa, chagua moja: andika masharti yote au ondoa ahadi. Masharti yanayotosha ni manne: mpaka lini mtu anaweza kuacha, nini kinarudi, nini hakirudi, na pesa inatoka ndani ya siku ngapi. Mfano: "Ukiacha kabla ya kipindi cha 3, unarudishiwa sehemu ya ada uliyolipa, 30,000, ndani ya siku 7. Fomu na kijitabu havirudishwi. Darasa lisipofunguka, unarudishiwa kila ulicholipa." Ahadi ya kurudisha pesa kwa asiyeongea vizuri haitekelezeki, maana hakuna aliyekubaliana na mwenzake "vizuri" ni nini.

Tahadhari: taja njia ya kulipa kwa lipa namba yenye jina la kituo. Namba ya simu ya mtu binafsi kwenye tangazo huwatia watu shaka, na ni haki yao. Ongeza "Dai risiti." Na usiandike "bei njoo inboksi": mtu huhisi bei itategemea sura yake.

Utajua umefaulu mtu akisoma mara moja na kukutajia, bila kuangalia tena, jumla na kiasi cha siku ya kwanza.

## Hatua ya 6: Usajili na cheti, kila kimoja kwa jina lake

"Tumesajiliwa na serikali" kwenye vituo vingi inamaanisha jina la biashara limesajiliwa BRELA na leseni ipo. Hivyo ni vya biashara. Duka la vipodozi nalo linavyo. Havisemi lolote kuhusu ufundishaji. Kama kituo kina usajili wa mafunzo, kwa mfano kutoka NACTVET, andika jina la mamlaka na namba ya usajili kama zilivyo kwenye cheti. Kama hakina, andika "Jina la biashara limesajiliwa BRELA" na uishie hapo.

Cheti nacho kiitwe kilivyo: cha kuhudhuria, au cha kufaulu mtihani wa kituo. Kituo hakiwezi kumpa mtu matokeo ya IELTS. Hayo hutoka kwa wenye mtihani huo, hulipiwa kando, na taasisi nyingi huyakubali kwa miaka 2 tu. Kama mnawaandaa watu kwa IELTS, taja hivyo pamoja na neno "ada ya mtihani haimo".

"Walimu bingwa" badilisha kwa sifa iliyo kwenye faili: "Walimu 2, wote wana shahada ya ualimu wa Kiingereza."

## Tangazo baada ya kuhaririwa

> Kiingereza cha kuongea, jioni, Mwanza (karibu na stendi ya Nyegezi)
>
> Kwa aliyesoma Kiingereza shuleni lakini anakwama kuongea. (Ambaye hajawahi kukisoma: lipo Darasa la 1, muda na ada ni hizo hizo; uliza malengo yake.)
>
> Muda: 5 Januari hadi 12 Februari 2026, Jumatatu hadi Alhamisi, saa 11:00 jioni hadi 1:00 usiku. Vipindi 23 vya saa 2, vikiwemo 2 vya mitihani. Tarehe 12 Januari hakuna masomo.
>
> Darasa la 2, mwisho utapimwa: kujieleza dakika 2 bila karatasi, kuuliza na kujibu bei, muda na mahali, kueleza ulichofanya jana, kupokea simu na kuandika ujumbe. Awamu moja haikufikishi A2. Wengi huhitaji 2 au 3.
>
> Awamu iliyopita, madarasa yote: waliandikishwa 32, walifanya mtihani 21, walifaulu 15. Ukijua utakosa zaidi ya vipindi 5, subiri awamu nyingine.
>
> Kupangwa darasa: jaribio la dakika 20, bure. Wasiozidi 16, darasa hufunguliwa wakifika 8.
>
> Jumla: 125,000/= (masomo 90,000, fomu 10,000, kijitabu 15,000, mtihani na cheti 10,000). Siku ya kwanza 55,000. Wiki ya 3, 30,000. Wiki ya 5, 40,000. Awamu ya pili ni 100,000.
>
> Ukiacha kabla ya kipindi cha 3, unarudishiwa 30,000 ndani ya siku 7. Darasa lisipofunguka, unarudishiwa vyote.
>
> Cheti ni cha kufaulu mtihani wa kituo. Jina la biashara limesajiliwa BRELA. Walimu 2, wenye shahada ya ualimu wa Kiingereza. Lipa namba ya kituo, dai risiti.

Alama za mshangao hazipo, na "Nafasi chache, wahi!" imekwenda nazo. Idadi ya juu ya 16 inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

## Hatua ya 7: Lijaribu kabla halijatoka

Wape watu watatu wasiofanya kazi kituoni, mmoja mmoja. Wasome kwa dakika mbili, kisha uchukue karatasi na uulize: Siku ya kwanza unaleta kiasi gani? Wewe unaingia darasa gani? Ukimaliza utaweza nini? Ukiacha kabla ya kipindi cha 3 unarudishiwa nini?

Wawili wakikosa swali moja, rekebisha mstari ule. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, mtu anataja 90,000 kama jumla, ishara kwamba mchanganuo umemeza jumla. Ikuze jumla au ipe mstari wake. La pili, mtu anasema "nitajua A2". Kama ni hivyo, sentensi ya awamu 2 au 3 iko mbali na ahadi, isogeze karibu.

Kisha mpe nakala anayepokea simu, na mkubaliane kwamba hatatoa punguzo wala ahadi isiyoandikwa. Pita kwenye kurasa za kituo na ufute matangazo ya zamani yenye 98% na "kuanzia 30,000". Mteja akiyakuta mawili, ataamini lile lenye bei ya chini na kuja nalo kwenye simu yake.

Kwa stetasi ya WhatsApp, ambako maneno hayo yote hayaenei, bakiza mistari minne: ni kwa nani, tarehe na idadi ya vipindi, jumla na malipo ya siku ya kwanza, na mahali pa kupata tangazo zima. Ukilazimika kupunguza zaidi, ondoa maelezo ya walimu kabla ya kugusa jumla ya ada.